Barua kwa Mdhamini Tuliyemkataa



Wasomaji wa jarida hili mwanijua kuwa ni mtu wa Pwani niliyehamia bara, nikaishi Nyeri miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu. Huwa mwaniuliza, nikishuka likizoni, Waislamu wa huko chini ya Mlima Kenya waishi vipi, nao ni wachache na baridi ni kali. Leo nitawajibu kwa barua. Si barua niliyowaandikia nyinyi. Niliiandikia kampuni moja ya kubeti iliyotaka kudhamini mashindano yetu ya mpira ya Idi ya Mfungo Tatu. Jina la kampuni nimelificha kwa makusudi, kwani waliokuja kwetu walikuja kwa adabu, na si haki kumlipa mtu wa adabu kwa kumtangaza.

Mashindano hayo tuliyaanzisha sisi wenyewe ili vijana wa Kiislamu waliotawanyika Nyeri, Karatina, Nanyuki, Murang'a na Embu wapate siku mbili za kujuana. Hucheza pia vijana wa jirani zetu Wakristo, kwa sababu timu ya watu kumi na mmoja haipatikani kila mji katika safu za msikiti peke yake. Fedha huwa ni tatizo kila mwaka. Mwaka uliotangulia timu ya Nanyuki ilirudi kwao juu ya lori la viazi, mvua ikiwanyeshea, na mama mmoja hakunisemesha kwa mwezi mzima.

Basi siku moja baada ya sala ya alasiri alinijia meneja wa kampuni hiyo anayesimamia kanda ya Mlima Kenya. Alivua viatu ingawa tulikaa barazani tu, akanywa chai ya tangawizi, akasema, "Sheikh, hatukuja kubadilisha dini ya mtu. Twataka kuwasaidia vijana." Akaniachia mipira miwili, jezi moja ya mfano, na karatasi yenye mambo matano. Kampuni ingetoa shilingi 240,000. Nasi kwa upande wetu jina la mashindano lingeanza na jina la kampuni. Alama yake ingekaa kifuani mwa jezi zote. Mabango manne yangesimama uwanjani. Wafanyakazi wake wangepewa dakika kumi kabla ya fainali wazungumze na watu na kuwaandikisha vijana, kila anayejiandikisha apewe shilingi 50 za kubeti bure. Na mwisho, tungewapa orodha ya wachezaji pamoja na namba zao za simu.

Yataka nikiri hapa kosa langu. Vijana walikuwa wamesimama mlangoni wakiitazama ile jezi, nami nikasema, "Inshallah, ni kheri." Mimi nilikusudia kwamba tutalitazama jambo. Wao walisikia kwamba tumekubali. Kabla ya magharibi habari ilikuwa imekwisha fika Nanyuki.

Usiku ule kamati ilikutana. Mhazini wetu ni fundi cherehani, mtu mkweli, na hoja zake hazikuwa nyepesi. Alisema tukikataa, fedha zile zitakwenda kwa mashindano mengine na vijana wetu watazifuata huko huko. Alisema vijana wanabeti tayari, tusijifanye hatuoni. Kisha akasema neno lililonichoma zaidi: "Sadaka ya mwenye duka la sigara twaipokea kila Ijumaa, wala hatumuulizi shilingi ipi ilitoka kwenye sigara. Mbona hii?" Kijana mmoja akaongeza kuwa vilabu vikubwa vya nchi vimevaa majina ya kubeti kifuani. Nikamkumbusha mambo mawili. La kwanza, mwezi Januari 2018, baada ya serikali kupandisha kodi ya kubeti hadi asilimia 35, SportPesa ilisitisha udhamini wake wa michezo hapa nchini, na Gor Mahia na AFC Leopards zikaachwa bila mdhamini kwa tangazo moja. La pili, Hashim Amla wa Durban aliichezea Afrika Kusini kriketi miaka mingi bila kuvaa alama ya bia iliyokuwa kwenye jezi za wenzake, na hakuna aliyempunguzia mbio zake. Lakini swali la mhazini lilibaki palepale. Niliomba siku tatu.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa kurasa nne. Karani wetu, ustadha kijana anayefundisha madrasa ya wasichana, aliisoma akanirudishia akasema, "Sheikh, hii ni khutba. Yule bwana hakuuliza kama kamari ni haramu. Aliuliza kama tutachukua fedha zake." Mjumbe mwingine akashauri tuseme tu kwamba ratiba imebadilika, huenda mwakani. Hilo nalo tulilikataa, kwa sababu ni uongo, na kwa sababu mwenye kuambiwa "mwakani" hurudi mwakani na fedha nyingi zaidi. Barua tuliyoipeleka ndiyo hii.

*

Kwa Bwana Meneja wa Kanda ya Mlima Kenya,

Amani iwe kwako na kwa nyumba yako.

Kamati ya mashindano ya Idi imeniagiza nikushukuru kwa kuja kwetu, na nikupe jibu letu mapema ili mipango yako isikae ikitungojea. Jibu letu ni kwamba hatutaweza kupokea udhamini wa kampuni yako, mwaka huu wala miaka ijayo, maadamu biashara ya kampuni ni kubeti. Nimeliweka neno hili mwanzo wa barua kwa heshima yako, usilazimike kulitafuta katikati ya maneno matamu.

Aliyeleta barua hii amekuja pia na mipira miwili na jezi moja ulizotuachia. Mipira haijachezewa. Tafadhali mtilie saini kwenye daftari alilobeba, ili pasiwe na mtu wa kwako wala wa kwetu atakayeulizwa baadaye kuwa vitu vile vilikwenda wapi.

Sasa ni haki yako kujua sababu, nami nitaieleza kama ilivyo.

Sababu si wewe, wala si dini yako. Mtume wetu, rehema na amani ziwe juu yake, alifariki hali deraa yake ya vita imewekwa rehani kwa Myahudi aliyemkopesha shayiri kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake. Kufanya biashara na mtu asiye wa dini yetu si jambo geni kwetu, na hapa Nyeri tungelikufa njaa tusingelifanya hivyo.

Wala sababu si kwamba twachunguza kila shilingi imetoka wapi. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi waliitazama kwa urefu hali ya mtu ambaye mali yake imechanganyika halali na haramu. Wengi wao walisema kuamiliana naye kwachukiza lakini hakukatazwi, maadamu hukujua kuwa kile hasa anachokupa ndicho cha haramu. Ndiyo maana mzee wa duka akitia noti kwenye sanduku la msikiti hatumuulizi. Yeye ametoa, ameondoka, na hakutaka kitu kwetu.

Lakini karatasi yako, Bwana Meneja, si sadaka, nawe hukuiita sadaka. Ni mkataba wa kununua na kuuza. Kampuni yatoa shilingi 240,000, nasi twatoa mambo matano. Nikiyatazama hayo matano, naona kitu tunachouza si kitambaa cha jezi wala nafasi ya bango, kwa kuwa mabango yapatikana kwa bei rahisi zaidi huko barabarani. Tunachouza ni imani ya wazazi. Mama wa Karatina humruhusu mwanawe wa miaka 16 alale Nyeri siku mbili kwa sababu mwaliko umetoka msikitini. Kijana yule akikuta jina la kampuni mbele ya jina la Idi, na mfanyakazi wako amesimama pale ninaposimama mimi, atafahamu kuwa jambo lile limepita kwangu nikaliridhia. Na kanuni ya sheria yetu ni nyepesi: kazi ambayo ni haramu kuifanya, ni haramu pia kuchukua ujira wake. Kumwita mtu kwenye kamari ni kazi. Fedha zile zingekuwa ujira.

Huenda ukaniambia kuwa faida yote ingewaendea vijana, tena wengine ni maskini. Ni kweli, na hoja hiyo ni kongwe kuliko sisi sote. Kamari ya Waarabu kabla ya Uislamu iliitwa maysir. Wafasiri wa Kurani wameeleza namna ilivyochezwa. Majira ya baridi na njaa yalipofika, watu walinunua ngamia, wakamchinja, wakamgawa mafungu, kisha wakavuta mishale kumi kutoka katika mfuko. Mishale saba ilikuwa na mafungu na mitatu haikuwa na kitu. Waliotoka na mishale mitupu ndio waliolipa bei ya ngamia, na walioshinda hawakula ile nyama. Waliwapa maskini, wakajisifia ukarimu. Aliyekataa kucheza aliitwa bahili.

Basi kamari iliyokuja kukatazwa ilikuwa tayari ni kamari ya kulisha maskini wakati wa baridi. Aya ya 219 ya sura ya Al-Baqara haikuyakanusha manufaa yale. Iliyakubali kuwa yapo, kisha ikasema madhara ni makubwa zaidi. Na aya ya 90 ya sura ya Al-Maida ikaja kuamuru jambo lile liepukwe kabisa. Kwa hiyo tunapokataa hatudai kwamba fedha zako hazina manufaa. Twajua idadi ya jezi ambazo zingenunua.

Niruhusu nikueleze pia nilichokiona kwa macho yangu, maana wewe ni mtu wa hesabu na hutaudhika kwa hesabu. Kijana mmoja wa kwetu alinionyesha mkeka wake kwenye simu. Alikuwa amechagua mechi kumi, na katika kila mechi alichagua upande mmoja kati ya miwili ambayo kampuni iliipa odi sawa, 1.85 na 1.85. Nilimwomba anieleze. Akasema akiweka shilingi 100 kwenye mechi moja na akashinda, hupata 185.

Nikamwambia tutupe sarafu. Upande mmoja ukiwa sawa na mwingine, katika mara mbili utashinda moja. Umetoa shilingi 200 na umepata 185. Katika kila 100 umebakiwa na 92 na nusu, na kampuni imechukua saba na nusu. Akasema, "Sheikh, hiyo ni ndogo." Ni ndogo kwa mechi moja. Lakini mkeka wake ulikuwa wa mechi kumi, na lile pato hukatwa mara kumi, moja juu ya nyingine. Kushinda zote kumi ni nafasi moja kati ya 1,024. Malipo ya shilingi 100 yalikuwa karibu shilingi 46,960, nayo yaliandikwa kwa herufi kubwa. Hiyo 1,024 haikuandikwa popote. Mtu akicheza mikeka 1,024 ya namna ile atatoa shilingi 102,400, na kwa kawaida atashinda mmoja, arudishiwe 46,960. Zaidi ya nusu imekwenda. Kadiri mkeka unavyorefuka, ahadi hukua na fungu la kampuni hukua pamoja nayo, na kijana huiona ahadi peke yake.

Kijana huyo alikuwa amepoteza shilingi 14,000. Zilikuwa mtaji wa mama yake wa vitunguu katika soko la Karatina. Sikusemi wewe kwa hilo, wala sijui alicheza kwa kampuni ipi. Nakueleza ili ujue kwamba ninaposema madhara ni makubwa kuliko manufaa, sisemi la kitabuni tu.

Kuhusu orodha ya namba za simu, hilo hatungelikubali hata kwa kampuni ya kuuza maziwa. Wazazi walitupa namba zile ili tuwaite mtoto akiumia. Ni amana. Zaidi ya hayo, wengi katika wachezaji na watazamaji wetu hawajafika miaka 18, na sheria ya nchi yenyewe inawakataza kubeti.

Baada ya kuondoka ulinipigia simu ukasema kampuni yaweza kuacha jezi na mabango, ibaki na zile dakika kumi na orodha peke yake, tena bila kutajwa mahali popote. Naamini ulitaka kutupunguzia uzito. Lakini ukiondoa vinavyoonekana ukabakisha visivyoonekana, kilichobaki ndicho kiini cha jambo, na sisi tungekuwa tumekifanya kwa siri. Afadhali bango, maana bango mzazi huliona.

Nina deni la kukuomba radhi. Mbele ya watu nilisema "Inshallah, ni kheri," na huenda wewe, kama vijana wetu, ulilichukua kuwa ni ahadi. Haikuwa ahadi, lakini ulimi wangu ndio uliokosa uwazi. Ikiwa ulikwisha kuwaarifu wakubwa wako Nairobi kuwa tumekubali, tafadhali waonyeshe barua hii, ili lawama iwe juu yangu.

Mlango wetu kwako wewe mwenyewe haujafungwa. Siku ya fainali njoo na watoto wako, mketi mbele pamoja na wazee. Pilau itakuwepo, na hatutakudai kitu wala hatutakutangaza. Mgeni aliyevua viatu barazani petu bila kuambiwa ana haki ya kualikwa tena.

Wako katika ujirani mwema,

Kwa niaba ya Kamati ya Mashindano ya Idi, Nyeri.

*

Hiyo ndiyo barua. Karani aliipeleka Jumatatu asubuhi, akarudi na saini kwenye daftari.

Sitaki wasomaji wadhani kuwa baada ya hapo mbingu zilifunguka zikamwaga jezi. Tulitarajia timu kumi na mbili, zikaja saba. Nanyuki hawakuja. Nahodha wao alinipigia simu akaniambia kwa upole unaouma kuliko tusi, kwamba wamepata mashindano mengine yenye nauli na jezi. Sikumuuliza mdhamini ni nani. Mhazini alikuwa amesema kweli juu ya hilo, nami nilimwambia hivyo mbele ya kamati, kwa sababu mtu aliyesema kweli na akashindwa kwa kura hastahili kufanywa kana kwamba alikosea.

Vijana wawili hawakunisalimia hadi wiki ya Idi. Kwao mimi ndiye niliyewaonyesha jezi kisha nikaiondoa. Niliwaita, nikawasomea barua yote, pamoja na sehemu ninayoomba radhi. Mmoja akasema, "Kumbe ulimwambia ni kosa lako." Nikamjibu ndiyo. Hatukusema zaidi, lakini kesho yake alikuja kuchora mistari ya uwanja kwa chokaa.

Tulichanga shilingi 62,000. Fainali hatukuweza kuipeleka Uwanja wa Ruring'u kama tulivyotamani; tulicheza kwenye uwanja wa shule, ukungu ukiwa bado chini na nyasi zimelowa. Jezi hazikuwepo. Mhazini, yeye aliyetetea udhamini kuliko sote, alikaa na cherehani yake siku mbili akashona vitambaa vya kufunga mkononi, vyekundu na vya kijani, kutokana na mabaki ya sare za shule. Hakulipisha hata uzi. Nilipomshukuru alisema, "Mimi nilitaka watoto wacheze. Sasa wanacheza." Kikombe kilikwenda Murang'a.

Meneja hakuja, lakini alijibu kwa ujumbe mfupi wa simu. Aliandika kuwa katika kazi yake huambiwa "tutakupigia" na watu wengi ambao hawapigi, na kwamba barua yetu ameiweka. Sikujua la kumjibu ila kumuombea.

Na yule kijana wa mkeka? Nilimshirikisha kamati, ndiye anayeandika mapato na matumizi katika daftari. Anajua sasa kuhesabu 1,024 bila kunisaidia. Lakini sitawadanganya kuwa ameacha kabisa. Wiki mbili baada ya Idi nilimwona nyuma ya msikiti ameinamia simu yake, na aliponiona aliitia mfukoni upesi. Mama yake amerudi sokoni kwa mtaji wa kukopa kwa dada yake.

Kwa hiyo kukataa ilikuwa nusu ya kazi tu, tena nusu iliyo rahisi, kwani yahitaji karatasi na wino. Mkono mtupu haulambwi, na vijana hawatatungojea milele kwa sababu ya uzuri wa barua zetu. Tumekubaliana kuwa kila nyumba katika jamaa zetu 41 za hapa Nyeri itoe shilingi 200 kwa mwezi. Ni shilingi 8,200 kila mwezi, na kwa mwaka ni 98,400. Hazifiki nusu ya zile tulizozikataa, lakini hazimtaki kijana namba yake ya simu. Nauli ya Nanyuki ndiyo itakayotolewa kwanza, kabla ya jezi na kabla ya kikombe, na mhazini ameiandika hivyo kwa kalamu nyekundu ukurasa wa kwanza wa daftari jipya.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.